Siku sitini za kiwele: namna ya kukausha ng'ombe wa maziwa

Kukausha ng'ombe wa maziwa ni kuacha kabisa kumkamua anapokaribia kuzaa, ili kiwele kipate muda wa kujijenga upya kabla ya ndama kuzaliwa. Muda unaofaa ni siku 60, na ng'ombe mkubwa mwenye afya njema anaweza kuvumilia hadi 45. Wafugaji wengi hukifikiria kipindi hiki kuwa likizo ya ng'ombe, na kwa sababu hiyo huona hakuna hasara kubwa kuendelea kukamua lita mbili tatu za mwisho. Lakini kiwele hakilali katika siku hizo. Kinafanya kazi ambayo hakiwezi kuifanya huku kikikamuliwa, na katika kuifanya hupita nyakati mbili za hatari, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, ambapo vijidudu hupenya kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Maziwa hutengenezwa na chembe ndogo zilizopanga kuta za vifuko vilivyomo ndani ya kiwele. Baada ya miezi tisa au kumi ya kukamuliwa, nyingi kati ya chembe hizo zimechoka na uwezo wake umepungua. Ukamuaji unaposimama, maziwa yaliyobaki hujaza kiwele, na shinikizo lake pamoja na viini vilivyomo ndani ya maziwa yenyewe huiambia tezi isimamishe kazi. Katika wiki mbili hadi tatu za kwanza, maji, mafuta na protini ya maziwa yaliyobaki hufyonzwa kurudi mwilini, na chembe zilizochakaa huondolewa. Hufuata muda wa utulivu. Wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa, chembe mpya huongezeka kwa wingi na dang'a huanza kutengenezwa.

Mwaka 1965, mtafiti Swanson wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa ng'ombe pacha wanaofanana. Katika kila jozi, pacha mmoja alikaushwa kwa siku 60 na mwenzake alikamuliwa mfululizo mpaka akazaa. Katika uzao wa pili, pacha asiyekaushwa alitoa robo tatu tu ya maziwa ya mwenzake, na katika uzao wa tatu hakufikisha hata theluthi mbili. Walikuwa na damu moja na matunzo mamoja, kwa hiyo tofauti ilitokana na zile siku 60. Mfugaji anayeng'ang'ania lita tatu kwa siku katika miezi miwili ya mwisho huzilipia lita hizo baadaye, kwa bei kubwa.

Kukausha kwa muda mrefu mno nako kuna madhara yake. Ng'ombe anayekaa siku 80 au zaidi bila kukamuliwa hunenepa, na ng'ombe mnene huzaa kwa shida, hupoteza hamu ya kula baada ya kuzaa na huyeyusha mafuta ya mwili kwa kasi ambayo ini lake haliimudu. Kwa upande mwingine, muda ukipungua chini ya siku 40, tezi haiwahi kumaliza ujenzi wake. Anayehitaji zaidi siku zote 60 ni yule aliye katika uzao wa kwanza, kwa kuwa mwili wake bado unakua na una mzigo wa kukuza mifupa yake, kulea mimba na kutengeneza kiwele kwa wakati mmoja.

Hesabu yote huanzia siku ya kupandishwa. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, kwa hiyo siku ya kukausha ni ya 220 tangu kuhimilishwa. Asiye na tarehe hukisia kwa kutazama tumbo, na makisio ya namna hiyo hukosea kwa mwezi mzima bila shida. Ndiyo maana karatasi anayoiacha mhimilishaji inafaa kutundikwa bandani au kunakiliwa kwenye daftari siku hiyohiyo, na mimba kuthibitishwa na mtaalamu wa mifugo miezi miwili au mitatu baadaye. Kumkausha ng'ombe asiye na mimba ni hasara tupu.

Mfano wa ng'ombe mmoja unaonyesha kazi yenyewe ilivyo. Ni chotara wa Frizia anayefugwa bandani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wilayani Hai. Alihimilishwa tarehe 10 Machi, kwa hiyo anatarajiwa kuzaa karibu na tarehe 15 Desemba, na siku yake ya kukaushwa ni 16 Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba bado anatoa lita tisa kwa siku, asubuhi na jioni. Kiasi hicho kinamtia mfugaji yeyote kishawishi cha kuahirisha, na kinataka maandalizi.

Kazi ya kwanza, wiki mbili kabla, ni kujua afya ya kila robo ya kiwele. Michirizi michache ya kwanza ya kila chuchu hukamuliwa kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi ili mabonge au maji maji yaonekane. Hiyo hugundua ugonjwa wa kiwele ulio wazi, lakini ugonjwa uliojificha hauonekani kwa macho. Kwa huo hutumika kipimo cha California, ambacho ni sahani yenye vikombe vinne pamoja na dawa ya maji. Maziwa kidogo ya kila chuchu huwekwa kwenye kikombe chake, dawa ya kiasi hichohicho huongezwa, kisha sahani huzungushwa polepole kwa sekunde kumi hivi. Maziwa ya robo nzima hubaki mepesi. Ya robo yenye maambukizi huwa mazito na kuteleza kama ute, kwa sababu dawa hupasua chembe nyeupe za damu zilizokusanyika kupambana na vijidudu.

Tuseme kwa ng'ombe wa Hai robo tatu zimeonekana safi na ya nyuma kushoto imetoa ute. Robo hiyo haina uvimbe, joto wala mabonge. Kwa ugonjwa uliojificha namna hii, wakati mzuri wa kutibu ni siku ya kukausha, kwa kuwa dawa ya kukaushia hukaa ndani ya kiwele kwa wiki nyingi bila kutolewa na ukamuaji, na huponya robo nyingi zaidi kuliko tiba ya katikati ya ukamuaji. Kama robo ingekuwa na mabonge au imevimba, hali ingekuwa nyingine: ingetibiwa kwanza mpaka ipone, ndipo ng'ombe akaushwe. Kuufungia ugonjwa mkali ndani ya kiwele kilichoachwa kukamuliwa huweza kuua robo hiyo, na wakati mwingine huua ng'ombe.

Kuanzia tarehe 9 Oktoba, wiki moja kabla, lengo ni kupunguza maziwa. Pumba na mashudu huondolewa. Majani mabichi ya tembo hupunguzwa, na nafasi yake huchukuliwa na mabua makavu ya mahindi ambayo wakulima wa Kilimanjaro huyapandisha kutoka mashamba ya tambarare, au hei ya kawaida. Ng'ombe ashibe, ila kwa chakula kisichotengeneza maziwa. Ukamuaji nao hushushwa kuwa mara moja kwa siku. Kwa ng'ombe anayetoa lita tano au pungufu hatua hizi hazina ulazima, na ukamuaji unaweza kukatishwa siku moja. Kwa anayetoa kumi au zaidi ni muhimu, kwa kuwa kiasi cha maziwa siku ya mwisho ndicho kinachoamua kama chuchu zitafunga vizuri au zitavuja.

Jambo moja la zamani halina budi kuachwa. Kuna wanaomnyima ng'ombe maji kwa siku mbili tatu ili kumkausha haraka. Maziwa hupungua kweli, lakini ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba huteseka, huacha kula, na anaweza kuugua vibaya. Maji yabaki mbele yake siku zote.

Sababu ya kuhangaikia chuchu kiasi hiki ni mlango ulio kwenye ncha yake. Ndani ya ncha kuna mfereji mfupi, wa urefu wa sentimita moja hivi, ambao hufungwa na msuli wa duara. Ng'ombe anayekamuliwa huusafisha mfereji huo kila siku kwa maziwa yanayotoka, na vijidudu vilivyoingia husukumwa nje. Ukamuaji ukisimama, usafi huo nao husimama. Badala yake mwili hutengeneza kizibo cha keratini, kitu chenye asili moja na kwato na nywele, kinachoziba mfereji wote. Kizibo kikishakamilika, chuchu iko salama. Tatizo ni kwamba hakikamiliki kwa usiku mmoja. Wiki moja baada ya kukausha, karibu nusu ya chuchu huwa bado ziko wazi, na chache hazifungi mpaka siku ya kuzaa. Ng'ombe aliyekaushwa akiwa na maziwa mengi ndiye mwenye chuchu nyingi za namna hiyo, kwa kuwa maziwa yanayosukuma kutoka ndani huzuia kizibo kushika.

Siku ya mwisho, 16 Oktoba, ng'ombe wa mfano ameshuka hadi lita tano. Hukamuliwa mpaka tone la mwisho. Kisha huja kazi ya usafi, inayofanywa kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, na vizuri zaidi kwa glovu. Ncha ya kila chuchu husuguliwa kwa pamba iliyolowekwa kwenye spiriti, pamba moja kwa chuchu moja, na husuguliwa tena kwa pamba mpya mpaka pamba ibaki nyeupe. Mkamuaji huanza na chuchu mbili zilizo upande wa mbali naye, kisha za karibu. Wakati wa kutia dawa mpangilio hugeuka: za karibu kwanza, za mbali baadaye, ili mkono usiguse chuchu iliyokwisha kusafishwa. Haya si madoido ya kitabuni. Tyubu inayopitishwa kwenye ncha chafu hubeba kinyesi na kukitua ndani kabisa ya kiwele, mahali ambapo vijidudu visingefika vyenyewe, na maambukizi ya namna hiyo huwa makali kuliko yale yaliyokusudiwa kuzuiwa.

Dawa ya kukaushia huja katika tyubu ndogo zenye mdomo wa plastiki, tyubu moja kwa robo moja. Si sawa na tyubu za kutibu ng'ombe anayekamuliwa, ambazo nguvu yake huisha baada ya siku chache. Zile za kukaushia, kwa mfano zenye kloksasilini benzathini, hutengenezwa ziachie dawa polepole. Mdomo wa tyubu hauingizwi wote. Milimita tatu au nne zinatosha. Ukisukumwa hadi ndani hupanua mfereji na kuchubua ukuta wake uleule unaotengeneza kizibo. Dawa ikishaingia, chuchu hubanwa nchani kwa vidole na dawa husukumwa juu taratibu.

Je, robo zote nne zitiwe dawa, au ile yenye ugonjwa peke yake? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa zote, kila ng'ombe, kila mara. Sasa mwelekeo umebadilika kwa hofu ya vijidudu sugu. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 imezuia matumizi ya antibayotiki kwa mazoea tu kwa wanyama wasio na ugonjwa. Badala yake robo zenye afya huwekewa kizibo cha kutengenezwa, rojo zito lenye madini ya bismathi, lisilo na dawa ya kuua vijidudu. Rojo hili hutakiwa kubaki ndani ya chuchu, kwa hiyo shina la chuchu, pale inapokutana na kiwele, hubanwa kwa vidole wakati wa kulitia, wala halisukumwi juu. Pale linapopatikana, mpango bora kwa ng'ombe wa Hai ni antibayotiki kwa robo ya nyuma kushoto na kizibo cha bismathi kwa robo zote nne, antibayotiki ikitangulia. Lisipopatikana, au kama hakuna kipimo kilichofanyika na zizi lina historia ya ugonjwa wa kiwele, madaktari wengi wa mifugo bado hushauri kutia dawa robo zote, na ushauri huo una busara. Uamuzi ni wa daktari aliyemwona ng'ombe mwenyewe.

Mwishoni chuchu zote huchovywa kwenye dawa ya iodini, na ng'ombe hupewa hei ili abaki amesimama kwa nusu saa hivi, mpaka msuli wa ncha ujikaze. Hutengwa na ng'ombe wanaokamuliwa, kwa kuwa mlio wa ndoo na harufu ya pumba humfanya ashushe maziwa. Zaidi ya hayo, ndama wake wa mwaka jana atengwe mbali. Katika mazizi ya wafugaji wadogo, ndama mkubwa anayenyonya kwa siri ndiye anayeharibu ukaushaji mara nyingi kuliko vijidudu, maana kila anaponyonya hufungua mfereji upya.

Siku tatu zinazofuata ndizo zinazompa mfugaji wasiwasi. Kiwele hujaa, hukaza na kung'aa. Hapo wengi hushindwa kuvumilia na kukamua kidogo ili kumpunguzia ng'ombe maumivu. Nia ni njema, lakini shinikizo hilo ndilo linalozima utengenezaji wa maziwa, na kukamua hata nusu lita kunairudisha kazi nyuma, kunatoa dawa iliyotiwa na kukifungua kizibo kilichoanza kujengeka. Kiwele kiachwe. Kwa kawaida hulegea baada ya siku nne au tano, na kufikia siku ya kumi hunyauka na ngozi yake huwa na mikunjo.

Kinachotakiwa ni kutazama kwa macho na kugusa kwa kiganja kila siku, bila kukamua. Uvimbe wa kawaida huwa sawa katika robo zote. Robo moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ya moto, nyekundu au ngumu, na ng'ombe akaruka akiguswa, akaacha kula au akawa na homa, huo ni ugonjwa. Ni hapo tu robo hiyo hukamuliwa yote na kutibiwa na daktari, halafu kukaushwa upya baada ya kupona. Chuchu inayovuja bila dalili nyingine haikamuliwi. Huchovywa dawa mara mbili kwa siku mpaka ikome, na ng'ombe hulazwa mahali pakavu zaidi.

Ukavu wa malalo ndiyo kinga inayofanya kazi usiku na mchana. Ng'ombe hulala nusu ya siku au zaidi, na kila alalapo ncha za chuchu hugusa sakafu. Maranda au majani makavu yenye kina cha kutosha, yanayoondolewa na kubadilishwa yakilowa, hupunguza vijidudu vya kinyesi kuliko dawa yoyote. Katikati ya kipindi, hata hivyo, mwili nao husaidia. Kiwele kilichokwisha kunyauka hujaa laktoferini, protini inayoyakamata madini ya chuma ambayo vijidudu vya kinyesi huyahitaji ili kuzaana. Pamoja na vizibo vilivyokamilika, hii ndiyo sababu maambukizi mapya huwa machache sana katika wiki hizo za kati.

Kinga hiyo hupungua wakati mbaya. Wiki mbili kabla ya kuzaa maji huanza kurudi kwenye kiwele, laktoferini huzimuliwa, dang'a hujaa na vizibo huanza kulegea. Kwa ng'ombe wa Hai hiyo ni kuanzia 1 Desemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha na uwanja wa banda ukiwa tope. Hatari ya pili ya kipindi chote inakutana na msimu wa mvua, na huo ndio wakati wa kutumia maranda bila ubahili, kuziba paa linalovuja na kutenga sehemu safi ya kuzalia.

Chakula nacho kina sehemu yake katika kukilinda kiwele. Wiki za kati hei na majani vinatosha kwa ng'ombe mwenye mwili wa wastani. Kuanzia 24 Novemba, wiki tatu kabla ya kuzaa, pumba na mashudu hurudishwa kidogo kidogo hadi kilo mbili au tatu kwa siku, ili tumbo lizoee. Madini yenye kalisi nyingi, pamoja na lusina, huwekwa kando katika wiki hizo. Ng'ombe aliyepewa kalisi tele kabla ya kuzaa mwili wake husahau kuitoa kwenye mifupa, na maziwa yanapoanza kutoka hupata homa ya maziwa. Msuli wa ncha ya chuchu unahitaji kalisi ili ujikaze, na ng'ombe aliyeanguka kwa homa hiyo hulala kwenye uchafu huku chuchu zikiwa wazi.

Ng'ombe akizaa, kila chuchu iliyotiwa rojo la bismathi hukamuliwa michirizi kumi hivi pembeni kwa mkono kabla ya ndama kunyonya. Kipimo cha California hurudiwa siku ya nne au ya tano na kulinganishwa na kile cha Oktoba. Robo ya nyuma kushoto ikitoa maziwa mepesi, dawa imefanya kazi. Kuhusu kuuza maziwa, kinachofuatwa ni maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, yanayotaja muda wa chini kati ya kutia dawa na kuzaa, na siku za kusubiri baada ya kuzaa. Ng'ombe akizaa kabla ya muda huo, siku zilizopungua huongezwa kwenye za kusubiri, na maziwa ya siku hizo hayapelekwi sokoni wala kituo cha kukusanyia. Tarehe ya kutia dawa na jina lake huandikwa kwenye daftari lilelile lenye tarehe ya uhimilishaji.